Runinga inawaka, taa zimezima: kisa cha betri ya solar huko Isongole

Mwalimu mstaafu anayeishi upande wa Isongole, wilayani Rungwe, alikuwa ameshaamua kununua betri mpya. Hoja yake ilikuwa fupi: jioni kontrola inaonyesha betri imejaa, lakini kabla ya saa tatu usiku inveta inalia na runinga inazima. Betri ni ya 100 Ah, yaani ampea-saa mia moja, ile iliyofungwa isiyoongezwa maji, na haijamaliza miaka mitatu. Alichotaka kwangu ni bei tu.

Kabla ya kutaja bei kuna swali moja la kujibu, kwa sababu magonjwa mawili tofauti ya betri hufanana sana ukiyatazama kwa nje. Betri iliyochoka huisha mapema. Betri nzima isiyojazwa nayo huisha mapema. Ukinunua mpya kwa ugonjwa wa pili, ile mpya itafuata njia ileile, na laki zako zimekwenda.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa kawaida kwa nyumba za huku. Paneli moja ya wati 150 juu ya bati, kontrola ya ampea 20 ukutani, betri chini ya meza, na inveta ya wati 500. Taa zilichukua umeme kupitia kontrola. Inveta, inayolisha runinga na king'amuzi, ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Kumbuka hapo, maana kisa kizima kimejificha kwenye nyaya hizo mbili.

Mke wa mwalimu ndiye aliyetoa neno lililonisaidia kuliko mita. "Fundi, taa zenyewe mbovu. Zinazima kwanza, watoto wanabaki wanaangalia taarifa ya habari gizani." Mwalimu akamwambia hilo ni jambo la balbu, tutalishughulikia baadaye. Mimi nikaliandika.

Nilianza na kile kioo cha kontrola, kwa sababu ndicho kilichompa mwalimu imani. Saa kumi na moja jioni kilisoma 13.2, na mchoro wa betri ulikuwa na vijiti vyote. Namba hiyo haikuwa ya uongo, ila haikuwa namba ya betri peke yake. Paneli ilikuwa bado inasukuma umeme kidogo, na umeme unaoingia huinua volti kwenye vichwa vya betri hata kama ndani hamna kitu. Nikachomoa waya za paneli kwenye kontrola, nikazima kila kitu, tukanywa chai. Baada ya nusu saa mita ilisoma 12.45 na bado ilikuwa inashuka. Huo ni umeme wa juujuu: dakika za mwanzo baada ya kuchaji, asidi iliyo karibu na sahani huwa nzito kuliko iliyo mbali, na volti haitulii mpaka zichanganyike. Kwa betri ya aina hii hilo linachukua saa kadhaa.

Tukarudisha waya, familia ikaendelea na jioni yake kama kawaida. Saa mbili na nusu usiku, runinga na taa zikiwa zinawaka, vichwa vya betri vilisoma 11.3. Muda mfupi baadaye taa zilizima zote kwa pamoja, runinga ikaendelea kama alivyosema mama. Inveta ikaanza kulia ilipofika 11.0, na ilipogusa 10.5 ikajizima. Dakika kumi baadaye, bila mtu kugusa kitu, mita ilisoma 11.6.

Hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa: betri imejijaza yenyewe? Haijajijaza. Ni kama kisima ulichokichota kwa kasi. Maji hushuka kuliko yalivyo, halafu hupanda kidogo ukikiacha. Umeme unapotoka, ukinzani wa ndani ya betri hula sehemu ya volti, na kadiri unavyovuta ampea nyingi ndivyo inavyoliwa zaidi. Kwa hiyo namba ya mchana inaisifu betri kupita kiasi, na namba ya usiku runinga ikiwaka inaisingizia. Zote mbili ni halali kwa kazi nyingine, lakini hazijibu swali la kimebaki kiasi gani.

Namba inayojibu ni ya betri iliyopumzika, haichajiwi wala haitumiki. Vitabu hutaka saa nyingi za kupumzika, wengine hutaja siku nzima, jambo ambalo hakuna nyumba itakayolikubali. Lakini nyumba yoyote ya solar ina saa moja ambayo betri inapumzika bila kumnyima mtu kitu: alfajiri. Zima vyote saa nne usiku, ikiwemo taa ya nje na inveta yenyewe kwenye swichi yake, kisha pima saa kumi na moja kabla kiza hakijaondoka. Kontrola yenyewe hula milliampea chache tu, hazibadilishi kitu. Mita iguswe kwenye vichwa vya betri, si kwenye kontrola, kwa sababu waya nyembamba na skrubu zilizolegea nazo hula volti. Mita ya bei ndogo inatosha, mradi isiwe na betri yake iliyochoka. Ikichoka, mita nyingi husoma juu kuliko ilivyo.

Alfajiri ile, chumba kikiwa na baridi ya nyuzi kama 12, betri ya mwalimu ilisoma 11.87.

Kwa betri ya risasi na asidi iliyofungwa, yenye jina la volti 12, iliyopumzika usiku, 12.8 ni kujaa. Kwenye 12.5 imebaki robo tatu, kati ya 12.2 na 12.3 imebaki nusu, 12.0 ni robo, na 11.8 ni mwisho hata kama bado inaweza kuwasha taa. Betri za kuongeza maji husoma chini kidogo zikiwa zimejaa, kama 12.65. Tazama jinsi nafasi ilivyo finyu: kutoka kujaa mpaka kwisha ni volti moja tu, kwa hiyo kila sehemu ya kumi ya volti ni karibu asilimia kumi ya chaji. Ndiyo sababu mita isiyoonyesha sehemu za mia haifai kwa kazi hii, na ndiyo sababu sisemi "imebaki asilimia 37". Nasema "chini ya nusu", "karibu robo". Usahihi zaidi ya huo ni wa kujidanganya.

Kwa nini volti ifuate chaji hata kidogo? Kwa sababu asidi ndiyo inayoliwa. Betri inapotoa umeme, salfeti inatoka kwenye maji na kushikamana na sahani za risasi, asidi inabaki nyepesi, na volti ya kila kimoja cha vyumba sita vya ndani ya betri hufuata uzito huo. Kuna kanuni ya kukadiria ambayo mafundi wa betri za maji huitumia, ambapo SG ni uzito wa asidi unaosomwa kwenye haidromita:

```
V = 6 x (SG + 0.84)
```

Asidi ya 1.265 inakupa 12.63, yaani betri ya maji iliyojaa. Asidi ya 1.190 inakupa 12.18, nusu. Mwenye betri ya maji ana bahati, anaweza kuhakiki kwa macho chumba kwa chumba. Mwalimu hana, betri yake imefungwa, volti ndilo dirisha pekee.

Basi 11.87 maana yake betri inalala ikiwa na kama kumi kwa mia. Na haikuwa ajali ya usiku mmoja. Nilimwomba mwalimu aandike namba ya kila alfajiri kwenye daftari, nikampigia baada ya siku chache: 11.9, 11.8, 11.9, na moja ya 12.05 baada ya mchana uliokuwa na jua. Betri ilikuwa ikiishi sakafuni.

Hapo hesabu ya matumizi ikawa lazima. Nilibana waya wa inveta kwa mita ya kubana: runinga, king'amuzi na ulaji wa inveta yenyewe vilivuta karibu ampea 6 kutoka kwenye betri. Kwa saa nne wanazopenda kuangalia, hizo ni 24 Ah. Taa nne za ndani zinakula kama 7 Ah kwa jioni. Taa ya nje inayokesha, 5. Simu, pamoja na inveta inayoachwa imewashwa bila kazi, tuseme 4. Jumla 40 Ah kwa usiku. Paneli ya wati 150 kwa kontrola ya aina hiyo hutoa kama ampea 8 jua likiwa kali. Kiangazi cha Julai mpaka Oktoba, siku yenye jua la kutosha sawa na saa tano kali, inaingiza 40 Ah, na sehemu yake hupotea kwenye kuchaji kwenyewe. Kwa hiyo hata kiangazi walikuwa wanabahatisha. Tulikuwa mwishoni mwa Aprili. Anayeijua Rungwe anajua Aprili yake; Tukuyu, chini kidogo ya hapo, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ukungu ukitua mlimani asubuhi unaweza kukaa mpaka saa sita. Siku hizo paneli ile haiingizi zaidi ya 16 hadi 20 Ah. Nakisi ya 20 kila siku inamaliza betri nzima ya 100 Ah kwa siku tano.

Mwalimu alisikiliza, kisha akauliza swali la mwalimu: "Sasa kama ni kutojazwa tu, mbona inaisha ndani ya saa tatu? Mia moja gawanya kwa ampea nane za runinga na taa ni zaidi ya saa kumi na mbili."

Ni swali zuri kuliko majibu mengi ninayoyasikia. Volti ya alfajiri hukuambia imebaki sehemu gani ya betri, haikuambii betri yenyewe sasa ni kubwa kiasi gani. Betri iliyopungua ikabaki na 30 Ah, ukiijaza itasoma 12.8 kama mpya. Nusu yake itasoma 12.2 kama nusu ya mpya. Tofauti ni kwamba safari kutoka namba moja hadi nyingine imekuwa fupi.

Kwa hiyo tukapima safari. Betri iliteremshwa mjini, kwa fundi mwenye chaja ya umeme wa gridi, ikachajiwa kwa 14.4 mpaka ampea zinazoingia zikashuka chini ya moja na zikakaa hapo. Hatua hii haina mkato. Betri iliyozoea kulala chini huonekana imejaa mapema, na ukiing'oa hapo unapima kitu kingine. Ikapumzika usiku kucha bila kuunganishwa na chochote. Alfajiri ilisoma 12.75. Ikarudi nyumbani, paneli tukaiacha nje ya mfumo siku hiyo, tukawasha runinga na king'amuzi peke yake, ampea 6, kwa saa nne kamili. Tukazima vyote. Alfajiri iliyofuata: 12.3.

Imetoka kwenye kujaa ikafika karibu asilimia 55, yaani 24 Ah zimechukua sehemu 45 kwa mia.

```
24 / 0.45 = 53
```

Betri iliyoandikwa 100 Ah ubavuni imebaki na kama 53. Kosa la kusoma volti kwa kiwango cha asilimia kumi linaweza kuipeleka namba hiyo mpaka 44 au 69, kwa hiyo usiende nayo dukani kama ushahidi wa dhamana. Ila kwa uamuzi wa nyumbani inatosha: si 100, na si kifo.

Magonjwa yalikuwa yote mawili, basi, na kutojazwa ndiko kulikozaa kuchoka. Ile salfeti inayoshikamana na sahani ikiachwa siku nyingi bila kurudishwa kwenye asidi kwa chaji kamili, hugeuka fuwele ngumu ambazo kuchaji kwa kawaida hakuzirudishi. Sehemu hiyo ya sahani inakuwa imetoka kazini. Betri iliyoshuka sana usiku mmoja na kujazwa kesho yake huumia kidogo. Inayoshushwa na kuachwa hapo masika nzima ndiyo inayopoteza nusu yake. Makaratasi ya watengenezaji wa betri hizi yanaonyesha mwelekeo huohuo: ukiishusha mpaka nusu tu kila usiku, inakuhudumia mara mbili au zaidi ya ile unayoimaliza.

Sasa turudi kwa mama na taa zake. Kontrola ina ulinzi wa kukata matumizi betri ikishuka, na hii ilitoka kiwandani imewekwa 11.1. Taa zilipozima kwanza, balbu hazikuwa mbovu. Kontrola ilikuwa inafanya kazi yake. Lakini inveta haikupita kwenye kontrola, kwa hiyo iliendelea kunyonya mpaka ulinzi wake yenyewe wa 10.5. Mlinzi alikuwa amefunga mlango wa mbele, na mzigo mkubwa kuliko yote ndani ya nyumba ulikuwa unatokea nyuma.

Aliyeifunga hivyo hakuwa mjinga. Inveta ya wati 500 inaweza kuvuta zaidi ya ampea 40, na kontrola ya 20 ingeungua. Wala ile 10.5 si namba ya kubuni. Kwa mzigo mkubwa unaomaliza betri kwa saa chache, volti huzama sana hata chaji ikiwa bado ipo. Tatizo ni kwamba mzigo wa runinga ni mdogo. Kwa ampea 6 tu, betri nzima inayofika 10.5 imekwisha kabisa. Hata 11.1 ya kontrola, kwa taa zinazovuta chini ya ampea mbili, haijamlinda mtu, ukiona 11.1 kwa mzigo huo ujue 11.8 ya kupumzika imeshapitwa.

Tulichofanya kilianza na runinga. Ile ya zamani ikauzwa, ikaja ya volti 12 inayovuta ampea mbili hivi pamoja na king'amuzi chake, nayo ikafungwa upande wa taa kwenye kontrola. Inveta ikabaki kwa kuchaji kompyuta mpakato mchana, imewekewa swichi, na usiku imezimwa. Kisha ulinzi wa kontrola ukapandishwa kutoka 11.1 hadi 12.0. Kwa mizigo hii midogo betri huzama sehemu ya kumi au mbili za volti, kwa hiyo kukata kwenye 12.0 ni kukata ikiwa imebaki theluthi hivi. Kurudisha matumizi tuliweka 12.8. Ukiweka karibu, mfano 12.2, taa zitazima, betri itapanda yenyewe kidogo, taa zitawaka, zitazima tena, usiku mzima.

Jambo moja la baridi. Chumba cha nyuzi 12 kinahitaji volti ya kuchajia iliyo juu kuliko cha Dar es Salaam, takriban 0.3 zaidi ya ile iliyoandikwa kwa nyuzi 25. Kontrola isiyopima joto huacha kuchaji mapema kila siku, na betri ya nyanda za juu inabaki haijajaa hata jua likiwepo. Tulipandisha kutoka 14.4 hadi 14.7. Usiige namba hiyo kwa betri iliyo chini ya bati la moto, itatoa gesi, na iliyofungwa haiongezwi maji. Volti ya kupumzika yenyewe haiguswi sana na baridi, kwa hiyo daftari la alfajiri halihitaji kusahihishwa.

Fedha iliyotengwa kwa betri ikanunua paneli ya pili ya wati 150. Mwalimu hakufurahi mwanzoni, na namwelewa. Alikuja na tatizo la betri akaondoka na paneli. Lakini matumizi mapya, taa ya nje nayo ikizimwa saa nne, ni kama 18 Ah kwa usiku, na hata siku ya ukungu paneli mbili zinaingiza 30 na zaidi. Kutoka 53 Ah, kutumia 18 ni theluthi moja. Alfajiri daftari sasa linasoma 12.4, mara chache 12.3.

Mama ndiye anayepima siku hizi, na amejiwekea utaratibu wake: 12.4 watoto waangalie watakavyo, 12.3 taarifa ya habari tu, chini ya 12.2 runinga haiwashwi mpaka jua lionekane. Jirani yao mwenye betri ya lithiamu alitaka kuunakili, nikamkataza. Lithiamu ya aina inayouzwa kwa solar hukaa karibu 13.2 na 13.3 kwa sehemu kubwa ya chaji yake, kisha hudondoka ghafla. Yeye anahitaji kifaa cha kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Betri ya mwalimu bado itanunuliwa mpya, ila kwa kipimo. Tumekubaliana hivi: siku ambayo jana yake ilikuwa ya jua, betri ikajaa, na matumizi yakawa yaleyale, kisha alfajiri mita ikasoma chini ya 12.2, na ikarudia hivyo kwenye siku nyingine za jua, basi 53 imekuwa 35 au pungufu. Hapo nitampa bei aliyoniomba.